Buti ndani ya jedwali la vitenzi vya Kihispania

Kila anayejifunza Kihispania hufika kwenye ukurasa wenye jedwali la nafasi sita. Juu kimeandikwa kitenzi kimoja, tuseme pensar, yaani kufikiri. Kushoto zimepangwa nafsi tatu za umoja, kulia tatu za wingi, na kando ya kila nafsi kuna mstari mtupu unaosubiri kalamu. Mwanafunzi aliyekwisha kuvimudu vitenzi vya kawaida anajaza bila wasiwasi: penso, pensas, pensa. Zote tatu anakosa. Anaambiwa irabu e hugeuka kuwa ie, basi anairekebisha kazi yake yote, mpaka kwenye nafsi ya "sisi" anaandika piensamos. Hapo tena anakosa, na safari hii kosa linamchanganya zaidi, kwa sababu amefuata kanuni aliyopewa.

Jedwali sahihi ni hili:

| Umoja | Wingi |
|---|---|
| yo (mimi) pienso | nosotros (sisi) pensamos |
| tú (wewe) piensas | vosotros (nyinyi) pensáis |
| él, ella, usted piensa | ellos, ellas, ustedes piensan |

Él na ella ni yeye, mwanamume na mwanamke. Usted ni wewe wa heshima, na ijapokuwa unazungumza na mtu aliye mbele yako, kitenzi chake huchukua umbo la yeye. Ustedes ni nyinyi, na vilevile huchukua umbo la wao. Katika Amerika ya Kilatini ustedes ndiyo nyinyi ya watu wote. Vosotros husikika zaidi Hispania, ndiyo maana vitabu vingine huiacha nafasi yake wazi au huiondoa kabisa.

Sasa chukua penseli uzungushie mstari maumbo yote yenye ie. Mstari utashuka safu nzima ya kushoto, kisha utakata kwenda kulia kwenye nafasi ya chini kabisa, ile ya ellos. Umbo unalolipata ni buti: shingo ndefu kushoto, ncha ya mguu kulia. Nosotros na vosotros zimebaki nje, juu ya ncha hiyo. Kwa ajili ya mchoro huu walimu wengi huviita vitenzi vya aina hii vitenzi vya buti, na ni mchoro mzuri, maana jicho hulikumbuka umbo haraka kuliko kanuni. Lakini una udhaifu wake. Unategemea nafsi zipangwe katika safu mbili za namna hii. Kitabu kikizipanga zote sita katika safu moja, buti halionekani tena, na zoezi likiwa la sentensi badala ya jedwali hakuna cha kuzungushia mstari. Ndipo inapofaa kujua kilichomo ndani ya buti.

Kilichomo ni mkazo. Tamka maumbo hayo sita kwa sauti, pole pole, usikilize sauti inapopanda. Kwenye pienso, piensas, piensa na piensan, mkazo uko juu ya shina, kwenye pien. Kwenye pensamos umehamia kwenye sa, ambayo ni sehemu ya kiambishi cha mwisho. Kwenye pensáis umehamia mwisho kabisa, na Wahispania wameutia alama ya maandishi juu ya a ili msomaji asikosee. Kanuni nzima ni hiyo. Irabu ya shina ikibeba mkazo, hugeuka. Mkazo ukiliacha shina, irabu hurudi kuwa ile iliyoandikwa katika kamusi. Nosotros na vosotros hubaki za kawaida kwa sababu viambishi vyao vya mwisho vimeunyakua mkazo.

Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana faida kubwa, na nasikitika kwamba madarasa machache huitumia. Mkazo wetu, isipokuwa katika maneno machache ya mkopo, hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema soma tukiukazia so. Tukiongeza silabi tukapata someni, mkazo unasogea wenyewe mpaka kwenye me, wala hakuna aliyetufundisha. Sasa angalia Kihispania. Viambishi vya mwisho vya pensar ndani ya buti ni -o, -as, -a na -an, kila kimoja silabi moja, kwa hiyo silabi ya pili kutoka mwisho ni ya shina. Kiambishi cha nosotros, -amos, kina silabi mbili, kwa hiyo silabi ya pili kutoka mwisho imo ndani ya kiambishi chenyewe. Ukiyasoma maumbo haya kwa mkazo wa Kiswahili tu, utapatia matano kati ya sita. La sita, lile la vosotros, lina alama inayokuonyesha mahali pa kukazia. Tofauti iliyobaki ni hii: kwetu so ya soma na so ya someni ni irabu ileile, ilhali Kihispania hakikubali irabu fulani zikae kama zilivyo chini ya mkazo.

Kuna jambo la matamshi linalotatiza kidogo. Herufi ie na ue katika maneno haya ni silabi moja. Usitamke pi-e-nso, silabi tatu; tamka kama tungeandika pyenso, kwa sauti ile ya mwanzo wa pya. Puede, yaani anaweza, soma kama pwede, kwa pw ya pwani. Duermo, ninalala, ni dwermo. Ukizitenganisha irabu hizo utapoteza hesabu ya silabi, na hesabu hiyo ndiyo inayokuonyesha mkazo ulipo.

Ushahidi kwamba kinachotawala ni mkazo, si nafsi, unapatikana Argentina na Uruguay. Huko mtu akimwambia mwenzake wewe hasemi tú, husema vos, na kitenzi cha vos hukaziwa mwishoni: vos pensás, vos podés, vos querés. Linganisha na tú piensas, tú puedes, tú quieres. Anayeambiwa ni yuleyule, maana ni ileile, nafsi ya pili umoja. Kilichobadilika ni mahali pa mkazo, na mara tu ulipohamia mwishoni irabu ya shina imerudi kuwa ya kawaida. Mwanafunzi aliyekariri kwamba "wewe" imo ndani ya buti atapotea akifika Buenos Aires. Aliyezoea kusikiliza mkazo hatashangaa.

Tabia hii haikuanzia kwenye vitenzi. Katika Kilatini, mama wa Kihispania, irabu e na o zilikuwa na namna mbili, ndefu na fupi. Zile fupi, zilipopata mkazo, Kikastilia kilizigeuza kuwa ie na ue. Zilipokosa mkazo zilibaki. Ndiyo maana mtu huhesabu siete, saba, lakini sabini ni setenta. Nueve ni tisa, lakini tisini ni noventa. Mlango ni puerta, na golikipa ni portero. Ni mabadiliko yaleyale ya pienso na pensamos, ila huku yametokea kwenye majina na tarakimu.

Historia hiyo inaeleza pia jambo linalowaudhi wanafunzi wengi: kwa nini vitenzi viwili vinavyofanana machoni huenda njia tofauti. Vender ni kuuza, perder ni kupoteza. Vyote viwili vina e katika shina na vyote huishia kwa -er. Lakini ninauza ni vendo, na ninapoteza ni pierdo. E ya vendere katika Kilatini ilikuwa ndefu, e ya perdere ilikuwa fupi. Kihispania cha leo hakitofautishi tena urefu wa irabu, kwa hiyo jicho haliwezi kukwambia lolote. Tena vitenzi vingine viliingia kundini baadaye kwa kuiga wenzao tu. Kwa hiyo tusilitwishe buti kazi isiyo yake. Linakwambia mabadiliko yatatokea wapi katika jedwali. Halikwambii kitenzi kipi kitabadilika.

Hilo utaambiwa na kamusi au orodha ya msamiati, ambayo huweka alama kando ya kitenzi: pensar (ie), volver (ue), pedir (i). Kitenzi kisicho na alama, kama comer au vender, kiache kilivyo. Ushauri wangu ni kwamba alama hiyo ikaririwe pamoja na kitenzi tangu siku ya kwanza, kwa pumzi moja, kama tunavyolijifunza jina pamoja na ngeli yake. Pasipo kamusi, jina la jamaa moja na kitenzi mara nyingi husaidia. Almuerzo ni chakula cha mchana, na almorzar, kula chakula hicho, huenda almuerzo, almuerzas, almuerza. Juego ni mchezo, na jugar ni kucheza. Cuento ni hadithi, na contar ni kusimulia au kuhesabu. Jina likiwa na ue au ie, kitenzi chake huenda nacho kikawa nayo.

Tujaze jedwali moja mpaka mwisho. Nimechagua preferir (ie), kupendelea, kwa sababu shina lake lina e mbili na hapo wengi huteleza. Ondoa -ir, unabaki na prefer-. Viambishi vya mwisho vya kundi la -ir ni -o, -es, -e, -imos, -ís, -en. Mimi humshauri mwanafunzi aanze na nafasi mbili zilizo nje ya buti, ingawa mkono hutaka kuanza na yo. Nosotros: prefer- na -imos, preferimos. Vosotros: preferís. Hizo zimetoka moja kwa moja kwenye umbo la kamusi bila kugusa chochote, na ukishaziandika huna tena hatari ya kuzibadilisha kwa mazoea.

Sasa ingia ndani ya buti. Unganisha kwanza bila kubadilisha: prefero. Mkazo uko wapi? Silabi ya pili kutoka mwisho ni fe. Basi e ya fe ndiyo inayogeuka, na e ya pre haiguswi, kwa kuwa haina mkazo. Tunapata prefiero, prefieres, prefiere, prefieren. Mtu anayeandika priefero amejua kwamba kuna mabadiliko lakini hakuuliza mkazo umekaa wapi. Kwa njia hiyohiyo entender, kuelewa, hutoa entiendo. Despertar, kuamsha, hutoa despierto. Recordar, kukumbuka, hutoa recuerdo. Irabu inayogeuka daima ni ya mwisho katika shina.

Kundi la tatu, lile la e kugeuka i, lina wanachama katika vitenzi vya -ir peke yake. Pedir, kuomba au kuagiza, huenda pido, pides, pide, pedimos, pedís, piden. Buti ni lilelile. Kosa linalorudi tena na tena hapa ni pidemos, na lina makosa mawili ndani yake. Shina limegeuzwa pasipo mkazo, na kiambishi kimeazimwa kwa vitenzi vya -er. Nadhani chanzo ni kwamba maumbo mengine, pides, pide, piden, yana e mwishoni, hivyo mwanafunzi anaiendeleza. Dawa ni kurudi kwenye jina la kitenzi: -ar hutoa -amos, -er hutoa -emos, -ir hutoa -imos. Irabu uliyoiona kwenye kamusi ndiyo unayoikuta tena kwenye nosotros, ya shina na ya kiambishi vilevile.

Viwili vinahitaji kutajwa peke yao. Jugar ndicho kitenzi cha kila siku ambacho u yake hugeuka ue: juego, juegas, juega, jugamos, jugáis, juegan. Na oler, kunusa au kunukia, huongeza h: huelo, hueles, huele, olemos, oléis, huelen. H hiyo haitamkwi. Ni desturi ya maandishi tu, kwani Kihispania hakiandiki neno linaloanza kwa ue bila kulitangulizia h. Yai, huevo, nalo limeandikwa hivyo. Pale ue inapoondoka, kwenye olemos, h nayo haina kazi.

Mazoezi ya sentensi yana mitego ambayo jedwali halina. Chukua hii: Mis hermanos y yo ___ (volver) a casa a las seis. Ndugu zangu na mimi hurudi nyumbani saa kumi na mbili. Neno lililo karibu kabisa na nafasi ni yo, na mkono huandika vuelvo. Lakini ndugu zangu pamoja nami ni sisi, na jibu ni volvemos, nje ya buti. Sentensi yenye Ana y tú, Ana na wewe, itajibiwa volvéis Hispania na vuelven Meksiko. Zote mbili ni sahihi mahali pake, na zoezi zuri husema linafuata Kihispania cha wapi.

Mtego mwingine unatuhusu sisi hasa. La gente ni watu, na kwetu watu ni wingi. Kwa Mhispania gente ni neno la umoja, kwa hiyo husemwa la gente piensa, si piensan. Jibu letu la kwanza linakuwa ndani ya buti na ie yake ni sawa, ila limekaa nafasi ya chini kulia badala ya chini kushoto.

Tena mara nyingi nafsi haitajwi kabisa. Empezamos a las ocho, tunaanza saa mbili. Hilo lisitutishe, kwani sisi pia hatusemi "sisi tunaanza" kila mara, tu- inatosha. Kihispania huweka habari hiyo mwishoni badala ya mwanzoni, na ukiona -mos unajua kwamba uko nje ya buti.

Baada ya hapo vinakuja vitenzi ambavyo buti lake limetoboka juu kushoto. Tener, kuwa na kitu, huenda hivi:

| Umoja | Wingi |
|---|---|
| yo tengo | nosotros tenemos |
| tú tienes | vosotros tenéis |
| él, ella, usted tiene | ellos, ellas, ustedes tienen |

Nafasi ya yo imejitoa. Mkazo uko kwenye shina, na kwa kanuni yetu tungetarajia ie, lakini g imeingia na irabu imebaki e. Venir, kuja, hufanya vivyo hivyo: vengo, halafu vienes, viene, venimos, venís, vienen. Decir, kusema, nacho huingiza g, ila irabu yake haiachi kugeuka: digo, dices, dice, decimos, decís, dicen. Umbo la yo la vitenzi hivi halikisiwi, hukaririwa. Nafasi tano nyingine zinatii mkazo bila matata.

Kinyume cha kazi hii ni kusoma. Unakutana na cuesta kwenye bei ya kitu sokoni na unataka kulitafuta neno hilo. Ukienda kwenye herufi cue katika kamusi hutakipata kitenzi. Ondoa kiambishi cha mwisho, rudisha ue kuwa o, unapata cost-, na costar, kugharimu, kipo. Sirve linarudi kuwa servir, kuhudumia. Lakini usirudishe kila i unayoiona. Vive linatokana na vivir, kuishi, na i hiyo ni yake tangu mwanzo. Nosotros ya kitenzi ndiyo itakayoamua: servimos ina e, vivimos ina i. Vivyo hivyo amueblar, kuweka samani, kimetengenezwa kutokana na jina mueble, samani, na kimebaki na ue yake kote, hata amueblamos.

Haya yote ni ya wakati uliopo. Wakati uliopita, vitenzi vya -ar na -er hutulia, kwa maana mkazo umehama shina: pensé, nilifikiri, volvió, alirudi. Vitenzi vya -ir havitulii hivyo. Dormir hutoa durmió, alilala, na durmieron, walilala, u mahali pa o, katika silabi isiyo na mkazo kabisa, na katika nafsi ya tatu peke yake. Huko jedwali lina nafasi mbili tu za kuzungushia mstari, zile za chini, na penseli haichori buti tena.